Bankazi cheki ya kununulia boti: kuinunua Malindi, na muuzaji wa Amu ajue vipi kama ni ya kweli

Ukiuza boti Amu kwa laki tisa na kitu, kukubaliana bei ndio kazi rahisi, kazi ni kulipana. Hela hizo M-Pesa haizibebi kwa siku moja, maana mwisho wake ni 250,000 kwa kila utumaji na 500,000 kwa siku nzima. Kubeba keshi kwenye basi kutoka Malindi upitie Witu mpaka Mokowe, hapo hakuna mtu mwenye akili zake atakayekushauri, na cheki ya kawaida mzee mwenye boti hataki hata kuiona, na ana haki, kwa sababu cheki ya kawaida unaweza kuandikiwa ya laki tisa na mtu ambaye akaunti yake ina elfu mbili. Ndio hapo watu hukumbuka bankazi cheki. Lakini wengi wanaikumbuka nusu tu, wanajua ni "cheki ambayo hairudi", na hiyo nusu nyingine wasiyoijua ndiyo matapeli wanayoilia.

Ilivyo ni hivi. Mnunuzi anaenda kwa benki yake, benki inakata hela kwenye akaunti yake papo hapo, inaziweka upande wake, halafu inaandika cheki ambayo atakayelipa ni benki yenyewe, sio mteja. Kwa hivyo haiwezi kurudi eti mnunuzi hana hela, hela zilishatoka zamani. Lakini inaweza kurudi kwa sababu ni karatasi ya bandia, ama imechezewa kiasi, ama imeandikwa jina lisilolingana na akaunti. Nguvu yote ya bankazi cheki iko kwa benki iliyoitoa, karatasi yenyewe haina nguvu yoyote mpaka benki iseme hii ni yangu.

Kabla hujaenda mbali kuna mpaka mmoja wa kujua. Tangu Oktoba 2009 Benki Kuu ya Kenya iliweka kwamba cheki ya milioni moja kwenda juu haipiti kwenye kuklia, yaani pale benki moja inapoidai nyengine hela za cheki, mwisho ni 999,999, na bankazi cheki imo humohumo. Ikifika milioni ni RTGS, hela zinatoka akaunti moja kuingia nyingine bila karatasi. Sasa mtu akija na bankazi cheki ya milioni moja na laki nne ya benki ambayo wewe huna akaunti, hapo usipoteze wakati kuitazama karatasi, mwambie akafanye RTGS. Na hata chini ya milioni, kama nyote wawili mna akaunti na hakuna mwenye wasiwasi, PesaLink ama RTGS ni nyepesi zaidi. Bankazi cheki inafaa pale mnunuzi hataki kutuma hela kwa mtu asiyemjua kabla hajaona boti, na muuzaji hataki kumwachia boti mtu asiyemjua kabla hajaona hela. Inawapa kitu cha kukutana nacho katikati.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Boti ya faiba iko Amu na mashine yake ya nje ya farasi 75, bei imekatwa 980,000. Mnunuzi yuko Malindi. Ametuma arubuni 40,000 kwa M-Pesa ili boti isiuzwe kwa mwengine, imebaki 940,000 na hiyo ndiyo italipwa kwa bankazi cheki.

Mnunuzi aanze na jina, sio na hela

Kitu cha kwanza mpigie muuzaji umuulize jina lake lilivyo kwenye akaunti yake ya benki, herufi kwa herufi. Huku kwetu mtu anajulikana kwa jina la mtaani miaka thelathini, kitambulisho kina majina matatu, na benki wamemwandikia mawili, na Mohamed wa kitambulisho akaunti inamwandika Mohammed. Cheki ikitoka na jina tofauti benki ya muuzaji inaweza kuikataa kaunta, na wewe uko Amu, cheki ya kurekebishwa iko mkononi, na branchi iliyoitoa iko Malindi. Mwambie akuandikie kwenye meseji jina kama lilivyo kwenye stetimenti. Usimwombe picha ya kadi yake ya benki, hiyo haikuhusu, na wewe muuzaji ukiombwa kataa.

Halafu muulize akaunti yake iko benki gani. Swali hili dogo ndilo litakaloamua kama mtamaliza siku moja ama mtakaa siku mbili tatu. Kama wewe na yeye mko benki moja, na hiyo benki ina branchi Amu, basi mambo yamelainika, kwa sababu cheki haitatoka nje ya benki, keshia wa Amu ataingiza namba kwenye sistimu yake na ataiona ilipotoka. Kama mko benki tofauti, angalia angalau benki yako ina branchi Amu ama hapana. Mimi ningekuwa ni mnunuzi na nina akaunti mbili, ningenunua cheki kwenye ile yenye branchi Amu hata kama ada yake imezidi kidogo, maana kitanda cha gesti cha siku mbili ni ghali kuliko ada.

Kaunta ya Malindi

Nenda asubuhi, kwa branchi yako, benki nyingi Malindi ziko hapo Lamu Road kwa hivyo hakuna safari. Beba kitambulisho cha asili. Hela ziwe zimeshakaa kwenye akaunti, yaani zimeklia, sio cheki uliyoweka jana bado inasubiri. Kama akaunti ni ya watu wawili na sheria yake ni wote wawili watie sahihi, nendeni wote wawili, usiende peke yako ukarudishwa. Na kama huna akaunti kabisa, benki nyingi hazitakuuzia, kwa hivyo usimpe mtu hela zako "akununulie kwa akaunti yake" mpaka awe ni mtu wako wa ndani kabisa, kwa sababu hiyo cheki kwenye vitabu vya benki ni yake, mkikorofishana yeye ndiye atakayerudishiwa.

Utapewa fomu. Unaandika jina la atakayelipwa, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, namba ya akaunti yako, unatia sahihi inayofanana na ile waliyonayo. Ada iko, inatofautiana benki na benki, uliza mapema na uhakikishe salio lako linatosha cheki pamoja na ada, watu wamerudishwa kwa sababu wameweka 940,000 kamili na ada haina pa kutoka.

Cheki ikitoka usiikunje ukaondoka. Simama hapohapo kaunta uisome. Jina la muuzaji, herufi zote. Tarehe. 940,000 kwa tarakimu, na kwa maneno laki tisa na arubaini elfu ya kweli, sio elfu tisini na nne. Sahihi za maofisa wa benki, mara nyingi ni mbili. Na ile mistari miwili ya kukatiza yenye maneno kwamba ilipwe kwenye akaunti ya mlipwaji peke yake, hiyo ni kinga yako, cheki ikipotea basini aliyeiokota hawezi kwenda kuitoa keshi. Kosa lolote ukiliona wape waifute kwenye sistimu wakuandikie nyengine. Usikubali kabisa mtu apitishe kalamu juu ya herufi akatia sahihi pembeni. Zamani hiyo ilikuwa inapita, lakini tangu 2011 cheki zinaklia kwa picha, benki inayopokea inaiskani na karatasi haisafiri, na cheki iliyochezewa hata kwa nia njema inarudishwa.

Omba fotokopi na risiti ya kukatwa hela, weka mbali na cheki yenyewe. Cheki iingie kwenye bahasha, isikunjwe, isipigwe pini, isiandikwe chochote.

Na hapa nataka nikae kidogo, usimtumie muuzaji picha ya cheki kwa Wasap. Najua atakuomba, na anaomba kwa kutaka kutulia roho, sio kwa ubaya. Lakini picha hiyo ina namba ya cheki, jina, kiasi, tarehe na sahihi za maofisa, yaani mtu akiipata ana kila kitu cha kuchapisha nyengine inayofanana, na ikipigiwa simu benki, benki itasema ndio, cheki ya namba hiyo na kiasi hicho tumeitoa. Wasap haikai kwa mtu mmoja, itafika kwa mtoto wake, kwa dalali, kwa grupu. Mpe namba ya cheki, benki na branchi iliyoitoa kwa simu, basi, hiyo inamtosha kuanza kazi yake.

Sasa ni zamu ya muuzaji, na yeye ndiye mwenye hatari kubwa zaidi

Gari ina logbuku, ukiuza na ukatapeliwa angalau haijahamishwa jina na unaweza kuifuatilia. Boti ikishatoka hapa forodhani na ikapita Manda, leo iko Kizingitini kesho iko Kiunga, mashine imefunguliwa imefungwa kwenye boti nyengine, na utakaa na karatasi zako. Kwa hivyo kwa muuzaji wa boti hakuna kitu kama "nimeiona cheki iko sawa, mwachie aende".

Kitu cha kwanza ni siku. Mwambie mnunuzi aje na cheki siku ya kazi, asubuhi. Matapeli wanapenda Ijumaa alasiri na Jumamosi baada ya saa sita na mkesha wa Idi, kwa sababu benki imefungwa, simu haipokelewi, na wewe umeshikwa na haraka ya kuuza. Mtu ambaye cheki yake ni ya kweli hana sababu ya kukataa Jumanne saa tatu asubuhi. Akikuambia lazima iwe leo Jumamosi jioni maana maji yanajaa na ana abiria wake wanamngoja, mpe chai, mpe mahali pa kulala, boti usimpe.

Cheki ikifika mkononi itazame, lakini jua kwamba kuitazama kunaweza kukuonyesha ya bandia, hakuwezi kukuthibitishia ya kweli. Iinue kwenye mwangaza, karatasi ya cheki ina alama ya maji ndani yake, haikuchapishwa juu. Ipapase, isiwe ni karatasi laini ya kawaida ya printa. Halafu tazama mstari wa chini kabisa wenye zile tarakimu za umbo la ajabu, huo ndio mstari ambao mashine inasoma. Wino wake ni mfu, hauna mng'aro, ukiinamisha cheki kwenye jua na tarakimu ziking'aa kama za printa ya ofisi hapo pana mashaka. Kwenye mstari huo kwa kawaida inakuja namba ya cheki, kisha tarakimu tano, mbili za mwanzo ni namba ya kuitambulisha benki na tatu ni za branchi, kisha akaunti. Namba ya cheki ya chini ifanane na kama imechapishwa pengine juu ya cheki. Na zile mbili za mwanzo zilingane na jina la benki. KCB ni 01, Absa ni 03, Ko-oparativu ni 11, Ekwiti ni 68. Ukiona cheki imeandikwa Ekwiti kwa herufi kubwa nzuri na chini imeanza na 11, mtu amechukua cheki ya benki moja akaivisha nguo ya nyengine, maliza mazungumzo.

Tazama pia jina lako na kiasi. Tapeli mwengine hachapishi cheki, anakwenda benki ananunua bankazi cheki ya kweli ya 9,400 na anaifanya 940,000. Karatasi ni ya kweli, sahihi ni za kweli, namba ni ya kweli, kilichobadilika ni kiasi tu. Pasa kidole pale palipo na maneno ya kiasi, tazama kwa nyuma, tazama kama rangi ya karatasi imefifia hapo, kama herufi zimebanana ama zimeachana tofauti na za jina. Na ndio maana kwenye simu unaulizia kiasi, usiulizie tu kama cheki ipo.

Simu ya benki, na namna ya kuipiga

Namba ya simu usiichukue kwenye cheki, wala kwa mnunuzi, wala kwa "meneja" aliyekupigia mwenyewe. Mtu akichapisha cheki ya uongo hashindwi kuchapisha namba ya rafiki yake chini yake. Toa namba kwenye tovuti ya benki yenyewe ama nenda branchi ya benki hiyo hapo Amu kama ipo. Kama haipo, nenda kwa benki yako wewe uombe wao wapige, na mimi naona hii ndio njia bora, kwa sababu branchi kwa branchi wanaongea vizuri zaidi kuliko mtu wa nje anayepiga kuuliza mambo ya cheki, wewe ukipiga wanaweza kukuambia hatutoi habari za wateja na wako sawa.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi, na siri yake ni kwamba wewe hutoi kiasi, unamwachia yeye akisome:

"Habari za asubuhi dada, tunapiga kutoka benki Lamu, tuna bankazi cheki yenu imeletwa na mteja wetu, tunaomba muithibitishe."

"Nzuri kaka, nipe namba na tarehe."

Anapewa namba na tarehe. "Ipo kwenu?"

"Ipo, tumeitoa jana."

"Tusomee kwenu imeandikwa jina gani na shilingi ngapi."

Hapo ngoja. Akisema 940,000 kwa jina lako, vizuri. Akisema 9,400, umeshapata jibu lako. Ukianza wewe kwa kusema "ile cheki ya laki tisa na arubaini" unamfungulia mtu aliyechoka njia ya kukujibu "ndio ndio". Malizia kwa kuuliza kama imewekewa zuio lolote ama imeripotiwa kupotea, na uandike jina la aliyekujibu na saa.

Sasa mtu atasema, basi benki imeshathibitisha, tupeane boti. Bado ndugu yangu. Simu imekuambia kwamba cheki ya namba hiyo ilitolewa. Haikukuambia kwamba karatasi iliyo mkononi mwako ndiyo hiyo, na ndio nikasema pale juu habari ya picha. Inaweza kuwa cheki ya kweli iko kwenye sefu ya mtu Malindi na wewe umeshika pacha wake. Simu ni ya kukuokoa mapema usipoteze siku, kinachomaliza ni hela kuingia na kuklia.

Kuweka cheki, na tofauti ya kuingia na kuklia

Nendeni pamoja benki. Mnunuzi akupe cheki hapo ndani, mbele ya kaunta, sio kwenye baraza ya nyumba. Uiweke kwenye akaunti yako saa hiyohiyo. Mkiwa ni benki moja keshia anaitazama kwenye sistimu na hela zinaweza kuwa zako siku hiyohiyo, muulize wazi, "hela hizi naweza kuzitoa sasa hivi?" Jibu likiwa ndio, mmemaliza.

Mkiwa ni benki tofauti cheki inakwenda kuklia. Kwa kawaida ni siku ya kazi inayofuata kama umeiwahisha kabla ya saa ya mwisho ya branchi, na saa hiyo uliza, kila mahali pana yake, ukichelewa hesabu inaanza kesho yake. Ya Ijumaa unaitazamia Jumatatu mapema zaidi. Na hapa ndipo wengi wanapoliwa. Ukiweka cheki, simu yako inaweza kulia meseji kwamba akaunti imeingiziwa 940,000, na stetimenti inaonyesha hela zipo, lakini zimefungwa bado. Kwenye apu ya benki usitazame salio la jumla, tazama palipoandikwa `Available Balance`, hiyo ndiyo hela ambayo ni yako. Kama ulikuwa na 12,000 na sasa jumla inasoma 952,000 lakini `Available Balance` bado ni 12,000, basi cheki haijaklia na boti haiondoki. Na meseji pekee usiiamini hata kidogo, meseji ya uongo ni rahisi kutengeneza kuliko cheki ya uongo.

Kwenye mfano wetu tuseme wako benki tofauti. Jumanne saa tatu asubuhi wamekutana, boti imejaribiwa, mashine imewashwa, namba ya mashine imelinganishwa na ile ya kwenye karatasi. Saa nne wako benki ya muuzaji, wamepiga Malindi, jina na kiasi vimesomwa sawa, cheki imewekwa. Mnunuzi anauliza, na ni haki yake kuuliza:

"Sasa Ami, cheki yangu umeshaichukua, na boti bado iko kwako. Mimi nina nini?"

"Una karatasi ya makubaliano mwanangu, na ufunguo hauko kwangu."

Ndio ilivyo sawa. Wanaandikiana karatasi, cheki namba fulani ya benki fulani ya 940,000 imepokewa leo, arubuni 40,000 ilishapokewa, boti na mashine namba fulani ni ya mnunuzi mara cheki itakapoklia, na isipoklia kila mtu anarudi na chake. Mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Boti inabaki nangani hapo Amu, na ufunguo na ile kamba ya kuzimia mashine vinawekwa kwa mtu wa tatu ambaye wote wanamwamini, mwenye duka, imamu, mzee wa mtaa. Mnunuzi analala Amu siku moja. Jumatano `Available Balance` inasoma 952,000, muuzaji anaingia benki kumuuliza keshia kwa mdomo kuwa cheki imeklia na hela zinatoka, ufunguo unakabidhiwa, karatasi za boti zinatiwa sahihi.

Mnunuzi akikataa mpango huu usimwone moja kwa moja ni tapeli, pengine na yeye anaogopa. Mpe njia nyengine, mtu wako aliye Malindi afuatane naye mpaka kaunta wakati wa kununua cheki, aione inavyotoka mkononi mwa ofisa, na asafiri nayo bahasha ikiwa haijafunguliwa. Hiyo nayo ni njia imara sana, nzuri hata kuliko simu, kwa sababu karatasi haikupotea machoni. Lakini akikataa na hiyo pia, na bado ana haraka, hapo mimi nisingeuza.

Cheki iliyozidi bei

Hii naisema peke yake kwa sababu inakuja na adabu nyingi na inapata watu wazima. Cheki inakuja ya 990,000 badala ya 940,000, "benki wamekosea Ami, weka tu, halafu nirudishie ile hamsini kwa M-Pesa, nimlipe nahodha." Benki haiandiki bankazi cheki kwa kubahatisha, inaandika kile kilicho kwenye fomu na mteja ametia sahihi. Hamsini yako ni ya kweli na itaondoka leo, cheki itarudi kesho. Cheki ikizidi hata kwa elfu moja, mrudishe akaandikiwe ya kiasi sawa.

Ikigunduliwa ni bandia, ikipotea, ama biashara ikivunjika

Kama benki imesema cheki sio yao, usiirudishe kwa aliyekupa, hata akilia kwamba na yeye ametapeliwa. Mwachie ofisa wa benki aishike, yeye anajua utaratibu wake, na wewe nenda polisi na namba ya cheki, namba za simu mlizowasiliana, na nakala ya kitambulisho cha mtu huyo, ambayo ulitakiwa kuwa nayo tangu siku ya arubuni.

Kama cheki ni ya kweli na biashara imevunjika kabla haijawekwa, mnunuzi airudishe ile ya asili kwa branchi iliyoitoa, aseme hatumii tena, waifute na warudishe hela kwenye akaunti yake, pengine kwa ada. Asiichane kwa hasira, cheki iliyochanwa benki haiwezi kuwa na hakika nayo. Na asikae nayo, cheki Kenya ikipita miezi 6 tangu tarehe yake imeshalala, hela hazijapotea lakini kuzifuatilia ni mzunguko mrefu.

Ikipotea njiani, labda kwenye feri ya Mokowe mkoba umeanguka, piga benki yako saa hiyohiyo ukiwa na namba ya cheki, na ndio maana nilisema fotokopi ikae mbali na cheki. Halafu uende polisi uchukue abstrakti, uandike barua, na benki itakutaka utie sahihi ya kuwalinda kwamba cheki ile ikitokea na ikalipwa hasara ni yako. Nyengine hawakuandikii siku hiyo, watataka kuwa na hakika ya kwanza haikuwekwa popote, kwa hivyo mpigie muuzaji pia umwambie ukweli, umpe namba, na umuombe akiletewa cheki hiyo na mtu yeyote asiipokee.